Kreti zimerudi, chupa hazijatimia: hesabu ya vyombo na amana kwa kila mteja

*Nasambaza vinywaji vya chupa kwa wateja kama 70. Daftari langu linasema kreti 1,900 ziko kwao, wao wakijumlishwa wanakiri 1,600 tu. Amana niliyokusanya imechanganyika na fedha za mauzo, na mteja akirudisha kreti dereva humrejeshea amana yake papo hapo. Nitajuaje kila mteja ana vyombo vingapi, na nani anamdai mwenzake?*

Kabla hujamgombeza mteja yeyote kuhusu hizo kreti 300, fanya hesabu moja ambayo haimhitaji mteja hata mmoja. Chukua idadi ya kreti zote ulizonunua au kuwekea amana kiwandani, toa zilizovunjika na kufutwa kwa maandishi. Hiyo ndiyo mali yako yote. Kisha, usiku mmoja magari yote yakiwa yamerudi na kushushwa, hesabu zilizojaa stoo, hesabu tupu, uliza kiwandani wanazo ngapi zako. Kinachobaki hakina pa kuwa isipokuwa kwa wateja, au kimepotea.

Tuseme mali yako ni kreti 2,600. Stoo umekuta 410 zilizojaa na 350 tupu, na 120 ziko kiwandani zikisubiri kujazwa. Jumla ni 880, kwa hiyo kwa wateja hazizidi 1,720. Sasa ile tofauti yako ya 300 imepasuka vipande viwili, na kila kipande kina ugonjwa wake. Daftari linadai 1,900 wakati haiwezekani ziwe zaidi ya 1,720: hapo kuna kreti 180 ambazo zimesharudi, ziko stoo kwako, ila hakuna mteja aliyefutiwa. Kati ya 1,720 na 1,600 wanazokiri wateja kuna 120. Hizo ndizo za kubishania, maana ama mtu anazo na hasemi, ama zilipotelea njiani. Namba zako zitakuwa nyingine, lakini mgawanyo huo utaupata, na ningeshangaa sana kipande cha kwanza kikiwa kidogo. Dereva anayetoa fedha mkononi kwa kreti iliyorudi hana sababu ya kuandika hati. Kreti inaingia stoo bila jina, fedha inatoka katika mauzo bila jina, na jina la mteja linabaki daftarini na deni alilokwisha kulipa.

Kwa hiyo amri ya kwanza ni hii: amana isirejeshwe barabarani kwa fedha taslimu. Dereva aandike vilivyorudi, mteja atie sahihi, na hesabu ya fedha ifanyike kwenye ankara inayofuata au ofisini. Wateja watanung'unika wiki mbili.

Sasa tuingie kwenye daftari lenyewe. Kosa ninalolikuta karibu kila mahali ni kuandika "kreti" katika safu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili: kasha la plastiki, na chupa 24 zilizomo. Vinatoka pamoja lakini havirudi pamoja. Kasha linarudi na matundu mawili wazi, dereva anaandika "kreti 1", na chupa mbili zimekufa kimya kimya. Kila aina ya chombo chenye amana yake inahitaji salio lake kwa kila mteja: kasha peke yake, chupa peke yake, na kama una chupa za ukubwa mbili, basi kila ukubwa peke yake. Salio linapatikana kwa njia ile ile kila mara. Alichokuwa nacho, jumlisha kilichotoka, toa kilichorudi.

Hiyo ni hesabu ya idadi. Hesabu ya fedha inakaa pembeni yake, na usiiache imezwe. Amana si mauzo. Ni fedha ya mteja iliyolala kwako mpaka arudishe chombo, yaani ni deni lako kwake, na katika vitabu inakaa upande wa madeni. Ile uliyoweka wewe kiwandani ni kinyume chake: ni mali yako iliyoko kwa mwingine. Mfanyabiashara anayeihesabu amana kama mapato huona faida nzuri miezi anayosambaza sana, kisha msimu ukipoa na tupu zikaanza kurudi, hujikuta analipa fedha ambazo alishazitumia. Ifungulie akaunti yake, hata kama ni ukurasa mmoja tu katika leja.

Nikupitishe kwa mteja mmoja, tumwite namba 14, ili uone idadi na fedha vinavyotembea pamoja. Nitatumia namba tupu bila jina la fedha. Amana ya chupa ni 10, ya kasha ni 60, hivyo kreti kamili ina amana ya 24 mara 10, ukiongeza 60, yaani 300.

Mwanzo wa mwezi mteja huyu ana makasha 40 na chupa 960. Thamani ya vyombo hivyo kwa kiwango cha amana ni 12,000. Lakini amana aliyolipa ni 9,000 tu, kwa sababu wakati fulani ulimwongezea kreti 10 kwa kumwamini. Hiyo 3,000 iliyobaki naiita pengo: vyombo vyako vilivyo mikononi mwake bila fedha ya kuvishikilia. Kwangu mimi pengo ndilo namba ya kwanza ya kutazama kwa kila mteja. Mwenye kreti 200 zilizolipiwa zote hatishi kama mwenye 40 zenye pengo.

Wiki ya kwanza anachukua kreti 25 zilizojaa na kurudisha 22. Mpokeaji getini anahesabu matundu wazi na kukuta 11. Kwa hiyo zimerudi makasha 22 na chupa 517, wala si 528. Salio jipya ni makasha 43 (40 + 25 − 22) na chupa 1,043 (960 + 600 − 517). Makasha 43 yanabeba chupa 1,032, kwa hiyo anadaiwa chupa 11 zisizo na kasha. Ungekuwa unahesabu kreti tu, ungeandika 43 na kulala usingizi. Chupa 11 ni kitu kidogo, 110 tu ya amana, lakini mteja yule yule akipunguza 11 kila wiki kwa wiki 50, ni chupa 550. Hizo ni kreti karibu 23 zenye makasha matupu, na wateja unao 70.

Upande wa fedha, wiki hiyo unamtoza amana ya kreti 25, yaani 7,500. Unamrudishia 22 mara 60 na 517 mara 10, yaani 1,320 na 5,170, jumla 6,490. Tofauti ya 1,010 inaingia kwenye ankara yake kama mstari wa peke yake, chini ya bei ya bidhaa, ikiitwa amana. Akilipa, amana yake iliyoko kwako inakuwa 10,010. Thamani ya vyombo alivyo navyo ni makasha 43 mara 60 na chupa 1,043 mara 10, jumla 13,010. Toa moja katika nyingine: 3,000. Pengo halijatikisika.

Simama hapo kidogo, maana hiki ndicho kipimo nilichokuwa nakitaka. Kama kila mabadiliko ya vyombo yametozwa au kurejeshwa kwa kiwango kile kile, na fedha imelipwa, pengo la mteja haliwezi kubadilika. Likibadilika, kuna jambo. Ama hajalipa amana ya ankara, na hapo lingekuwa 4,010. Ama kuna kilichorudi kikaandikwa kwenye idadi na kusahauliwa kwenye fedha, au kinyume chake. Huhitaji kupekua hati za mwezi mzima kutafuta kosa. Unapanga wateja kwa pengo la mwezi uliopita na la mwezi huu, na waliohama mahali pao ndio unaowafungulia mafaili.

Wiki ya pili biashara yake imepoa. Anachukua 20 na kurudisha 31. Ndani ya hizo 31, matundu sita ni wazi, na chupa tano ni za kiwanda kingine, umbo karibu sawa lakini shingo fupi. Za namna hiyo hazipokelewi, maana kiwanda chako hakitazipokea wala kukurudishia amana. Zinarudi naye kwenye gari linalofuata. Zinazokubalika ni makasha 31 na chupa 733. Salio ni makasha 32 na chupa 790, na sasa anadaiwa chupa 22 zisizo na kasha.

Mteja kwa hesabu yake amerudisha kreti 11 zaidi ya alizochukua, na anataka 3,300. Dereva wako wa zamani angeitoa. Kwa hesabu ya chupa halisi anastahili 9,190 kwa alivyorudisha, na unamtoza 6,000 kwa alivyochukua, kwa hiyo tofauti ni 3,190. Lakini hata hiyo usiitoe mbio. Ana pengo la 3,000, yaani kreti 10 ulizompa bila amana, na lazima uamue kreti zinazorudi zinafuta zipi kwanza: zile zilizolipiwa au zile za kuaminiana. Mimi husema zinafuta za kuaminiana kwanza. Vyombo alivyobaki navyo vina thamani ya 9,820 (makasha 32 mara 60 ni 1,920, chupa 790 mara 10 ni 7,900). Amana yake kwako ni 10,010. Unachomdai na anachokudai vinakutana kwenye 190, hiyo ndiyo unayomrudishia, na pengo lake sasa ni sifuri.

Angalia umbali kati ya 3,300 na 190. Hakuna aliyeiba kitu. Mteja ameomba kwa nia njema kile alichoona amerudisha, na bila daftari la pande mbili ungempa. Ila kanuni ya kipi kinafutwa kwanza lazima aijue kabla hajachukua zile kreti 10, kwa karatasi yenye sahihi yake. Ukimtolea kanuni siku anayodai fedha, hata iwe ya haki namna gani, ataona umemzunguka.

Kuandika haya hakuhitaji programu ya gharama. Jedwali moja la kompyuta lenye mstari mmoja kwa kila mwendo wa chombo linatosha kwa wateja 70. Safu A tarehe, B namba ya mteja, C aina ya chombo, D namba ya hati, E zilizotoka, F zilizorudi. Salio la chupa la mteja namba 14 ni hili:

```
=SUMIFS(E:E,B:B,14,C:C,"chupa")-SUMIFS(F:F,B:B,14,C:C,"chupa")
```

Salio la kuanzia liingie nalo kama mstari wa kwanza kwenye safu E, siyo kama namba iliyopachikwa pembeni. Na salio lisiandikwe na mtu kwa mkono popote. Liwe linakokotolewa kutoka kwenye miendo kila mara, maana siku mtu atakapoanza "kusahihisha" salio moja kwa moja, hutajua tena lilitoka wapi. Kosa likigundulika, liandikiwe mstari mpya wa kulirekebisha wenye tarehe na sababu.

Kuna jambo moja kuhusu salio hasi ambalo watu hulikosea kwa usafi. Mteja akirudisha zaidi ya alicho nacho daftarini, salio linakwenda chini ya sifuri, na karani kwa aibu anaandika 0. Usikubali. Salio la chupa 48 chini ya sifuri linakuambia kitu. Mara nyingi kuna mteja mwingine, kwenye njia ile ile na siku ile ile, mwenye chupa 48 za ziada, kwa sababu dereva aliandika kwenye hati isiyo yake. Wakati mwingine mteja amekusanya tupu za majirani zake na kukuletea. Chupa ni chupa, hazina jina la aliyezichukua. Unaweza kuzipokea, maana ni mali yako inarudi, lakini usimlipe amana ambayo hakuweka. Mwandikie kwamba zimepokelewa, acha hasi isimame, na umtafute mwenye ziada. Karani anayeandika sifuri amekufutia ushahidi wa pande zote mbili.

Sasa geti. Daftari zuri likilishwa hesabu mbaya litakupa makosa nadhifu. Gari linaondoka na idadi inayojulikana ya kreti zilizojaa. Linaporudi, zilizojaa zilizobaki ukijumlisha na zilizoachwa kwa wateja kwa mujibu wa hati lazima zilingane na zilizopakiwa. Na tupu zilizomo kwenye gari lazima zilingane na jumla ya tupu kwenye hati zote za siku hiyo, kasha kwa kasha na chupa kwa chupa. Ulinganisho huu ufanyike kabla gari halijashushwa. Tupu zikishachanganyika na rundo la stoo, hakuna awezaye kusema pungufu ni la nani. Ukiufanya gari likiwa bado limepakiwa, pungufu lina dereva, lina njia, na lina wateja wasiozidi kumi na watano wa kuulizwa.

Wahesabuji wengi hulalamika kwamba kuhesabu chupa za kreti 200 kunachukua muda. Kweli, kama unahesabu chupa. Hesabu matundu wazi. Kreti iliyotimia macho huipita bila kusimama, ile yenye tundu inajionyesha. Kreti 200 zikiwa na matundu 37, chupa ni 4,800 kasoro 37. Tatizo ni zile za katikati ya rundo. Nilipokuwa karani wa stoo, zamani, tulikuwa tunahesabu kwa kutazama safu za nje na kuzidisha. Tuliendelea hivyo miezi kadhaa mpaka rundo moja lilipoanguka, tukakuta makasha ya katikati hayana chupa hata moja. Aliyekuwa anayapanga alijua vizuri tunatazama wapi. Tangu siku hiyo siamini rundo nisiloweza kuliona kwa juu kila ngazi: zinashushwa kreti tano kwenda juu, zinatazamwa, ndipo nyingine zinawekwa.

Chupa zilizovunjika zina sheria fupi. Ikivunjika mikononi mwa mteja, haijarudi, hata akikuletea shingo. Ikivunjika kwenye gari au stoo kwako, imerudi, mteja anafutiwa, na hasara ni yako na inaandikwa siku hiyo hiyo. Mpaka ni sahihi kwenye hati. Chupa yenye ufa mdogo mdomoni inabishaniwa sana, kwa hiyo kubalianeni na kiwanda chako kinakataa zipi, na utumie kipimo hicho hicho kwa wateja wako, si kikali zaidi wala si kilegevu.

Kiwango cha amana kitapanda siku moja, na hapo ndipo wasambazaji wengi huumia bila kujua. Tuseme chupa inatoka 10 kwenda 15. Mteja namba 14 ana chupa 790 alizozilipia 10. Chupa haina tarehe. Akirudisha zote ukamlipa 15, umetoa 3,950 ambazo hukuwahi kupokea, kwa mteja mmoja. Njia iliyo safi ni kuhesabu vyombo vya kila mteja siku ya mabadiliko, naye akatia sahihi, kisha ukamtoza nyongeza ya 5 kwa kila chupa. Wengine huona ni kali, hivyo huamua kwamba chupa za mwanzo zitakazorudi, mpaka zifike 790, zitarejeshwa kwa 10, huku mpya zikitoka kwa 15. Inasikika kama huruma, ila ukiipigia hesabu mteja analipa ile ile 3,950, kidogo kidogo kila anapobadilisha tupu kwa zilizojaa, mpaka za zamani ziishe. Faida yake ni kwamba haimwangukii kwa mkupuo. Chagua yoyote, ila usikose kuhesabu siku ile. Bila salio lenye sahihi la tarehe ya mabadiliko, njia zote mbili zimefungwa.

Kuhusu wale wanaoshikilia vyombo muda mrefu, salio peke yake halikuambii. Mteja mwenye kreti 43 anayechukua 25 kwa wiki anazizungusha kwa takribani siku 12: gawa 43 kwa 25, zidisha kwa 7. Mwingine ana 60 na anachukua 5 kwa wiki. Hizo zinazunguka kwa siku 84, na sidhani zinazunguka. Nyingine zimegeuzwa viti, nyingine zinashikilia mbao za meza, na nyingine hazipo. Panga wateja kwa siku za mzunguko, wa juu kabisa waendee wewe mwenyewe, siyo kwa simu. Kwa simu mtu husoma namba kutoka kwenye daftari lake. Ukienda, mnahesabu vitu. Mara nyingi utarudi na kreti kadhaa siku hiyo hiyo kwa sababu tu umeziulizia.

Wengine watakushauri ubandike kila kreti namba yake. Kwa pipa la chuma, mtungi wa gesi au pallet ya bei kubwa, sawa. Shirika la GS1 lina utambulisho wa kimataifa kwa ajili hiyo, GRAI, ambao unaweza kubeba namba ya aina ya chombo pamoja na namba ya chombo kimoja kimoja, na ukiisoma kwa skana unajua pipa lile lile liko wapi. Kwa kasha la plastiki lenye chupa 24 sikushauri. Makasha yanafanana, yanabadilishana wateja kila siku, na gharama ya kusoma kila moja getini itazidi hasara unayoizuia. Kwa vyombo vinavyofanana fuatilia idadi kwa kila mteja.

Sasa kuanza. Usijaribu kufukua hati za nyuma ili ulipate salio la kweli la kila mmoja. Utatumia miezi miwili na hutalipata. Chagua siku mbili za biashara ndogo, tuma watu wawili wawili kwa wateja wote 70, wahesabu makasha, chupa zilizojaa na chupa tupu, na mteja atie sahihi kwenye karatasi yenye namba tatu: vyombo alivyo navyo, amana aliyolipa, na pengo. Mweleze kwamba hiyo ndiyo mwanzo na kwamba ya nyuma yamefungwa. Ukimwambia hivyo, mtu aliyekuwa anaficha kreti ishirini nyuma ya mlango hana sababu kubwa ya kuendelea kuzificha, kwa sababu akizirudisha baadaye bila kuziandikisha hatapata amana yake.

Amana itakusumbua kuliko vyombo, kwa kuwa ulizichanganya. Mwenye stakabadhi, mwandikie anachoonyesha. Asiye nayo, tazama ankara zake za kwanza, kwa kawaida amana kubwa hutozwa siku za mwanzo za kufungua akaunti. Ikishindikana, kubalianeni namba na muiandike. Jumla ya amana za wateja wote 70 ndiyo deni lako, na kama fedha hiyo haipo benki, ujue leo ni kiasi gani kinakosekana, kabla ya msimu wa kurudisha.

Zile kreti ambazo hesabu ya mali yote inasema zipo na hakuna mteja anayezikiri, kwa mfano wangu 120, usizigawe kwa wateja wala usizifute mara moja. Ziwekee ukurasa wake, uuite tofauti ya kuanzia. Wateja wakianza kuleta tupu zaidi ya salio lao, zitoe hapo. Baada ya miezi sita ukurasa ukiwa bado umesimama na 90, hizo ndizo zilizopotea, zifute kama hasara kwa bei ya kununua kasha jipya na chupa zake, siyo kwa kiwango cha amana, maana amana kwa kawaida huwa chini ya bei ya chombo kipya.